Uliahidiwa Milioni Mbili, Unaletewa Milioni na Laki Saba

Ujumbe huja kwa upole. "Dada, habari za jioni. Nina habari njema, mteja wetu amekukubali. Ila bajeti yao imebana kidogo, wataanza na 1,700,000. Nithibitishie leo ili barua itoke kesho."

Mhasibu anayeusoma yuko ndani ya daladala, anarudi nyumbani. Wiki kadhaa nyuma wakala huyuhuyu wa ajira alimpigia simu, akamwambia nafasi hii ina mshahara wa milioni mbili. Kwa ajili ya hiyo milioni mbili mhasibu ameomba ruhusa kazini, amefanya usaili wa kuandika na wa ana kwa ana, na amewasumbua watu watatu wamdhamini. Sasa anatakiwa ajibu usiku huu, na laki tatu zimetoweka ndani ya sentensi moja.

Watu wengi hapa hujibu papo hapo. Mmoja huandika "sawa, nashukuru sana" kwa kuogopa nafasi isiende kwa mwingine, akaingia kazini siku ya kwanza na kinyongo moyoni. Mwingine hupandwa na hasira, akamwambia wakala kwamba ni tapeli, akafunga mlango ambao pengine ulikuwa bado wazi. Wote wawili wamejibu kabla ya kujua jambo la kwanza kabisa: je, mshahara umeshuka kweli, na kama umeshuka, umeshuka kwa kiasi gani?

Mhasibu wetu ni wa mfano, lakini yuko Dar es Salaam halisi, kwenye kodi halisi na sheria halisi. Tumfuate hatua kwa hatua, kwa sababu shida yake ndiyo ya madereva, manesi wa hospitali binafsi, mafundi umeme na wauzaji wa dawa wanaotafutiwa kazi na mawakala kila wiki.

Milioni mbili ipi?

Mtu akisema "mshahara ni milioni mbili", anaweza kuwa na maana tatu. Inaweza kuwa mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Inaweza kuwa fedha inayoingia mkononi baada ya makato. Au inaweza kuwa jumla ya kila kitu: mshahara wa msingi pamoja na posho ya nyumba, ya usafiri na ya simu. Kwenye simu, wakala mwenye haraka na mtafuta kazi mwenye furaha hawaulizani. Kila mmoja anaondoka na milioni mbili yake.

Tofauti kati ya maana hizo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara, mchango wa NSSF kwa kawaida hukatwa asilimia 10 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 yake. Kinachobaki baada ya mchango ndicho hutozwa kodi ya mapato ya mwajiriwa, ile PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mtu mwenye kipato cha kutozwa kodi kinachozidi milioni moja kwa mwezi hulipa 128,000, kisha asilimia 30 ya kila shilingi iliyo juu ya milioni hiyo.

Basi chukua milioni mbili ghafi. NSSF inaondoka na 200,000, inabaki 1,800,000. Kodi yake ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya laki nane, ambayo ni 240,000, jumla 368,000. Mkononi zinafika 1,432,000. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 1,700,000 ghafi, mkononi unapata 1,243,000. Na kama mtu anataka milioni mbili kamili zimfikie mkononi, mwajiri atalazimika kumwandikia mshahara ghafi wa karibu 2,900,000. Kati ya milioni mbili ghafi na milioni mbili mkononi kuna takriban laki tisa kila mwezi, na wote wawili wanaweza kuapa kwamba waliambiwa "milioni mbili".

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba hakuna kilichoshuka. Pengine 1,700,000 ya leo ni mshahara wa msingi, na kuna posho ya nyumba ya 300,000 juu yake ambayo wakala hakuitaja. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: 1,700,000 ndiyo jumla ya yote, na mshahara wa msingi ni milioni na laki mbili tu. Usiseme mradi fedha ni ileile haidhuru. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, malipo ya saa za ziada huhesabiwa kwa mshahara wa msingi mara moja na nusu, na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliokamilika nacho hufuata mshahara wa msingi. Mshahara wa msingi mdogo wenye posho nyingi hukupunguzia hayo yote bila wewe kuona.

Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu aongeze kwenye hesabu yake makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hayo hayamsubiri mtu azoee kazi.

Hasara iko wapi hasa

Tuseme mhasibu wetu ameuliza, na jibu limekuja: milioni mbili ilikuwa ghafi, na 1,700,000 pia ni ghafi, hakuna posho. Mshahara umeshuka kweli, kwa asilimia 15. Wakala atasema asilimia 15 si nyingi, na kwa namba hizo mbili peke yake ana haki ya kusema hivyo.

Lakini mhasibu hatoki nyumbani mikono mitupu. Ana kazi. Kwa sasa analipwa 1,400,000 ghafi, ambazo mkononi ni 1,054,000. Hesabu inayomhusu ni hii: akihama atapata nyongeza gani juu ya alicho nacho? Kwa milioni mbili, nyongeza ya mkononi ingekuwa 378,000. Kwa milioni na laki saba, ni 189,000. Nusu kamili. Mshahara umeshuka kwa asilimia 15, faida ya kuhama imeshuka kwa asilimia 50.

Na bado hatujagusa nauli. Ofisi ya sasa iko karibu na anapokaa, anatumia 1,500 kwa siku kwenda na kurudi. Mpya iko upande wa pili wa jiji, atabadilisha gari mara mbili, ni 4,000. Kwa siku 26 za kazi ongezeko ni 65,000 kwa mwezi. Iliyokuwa nyongeza ya 313,000 sasa ni 124,000. Kwa laki moja na ishirini na nne anaacha kazi anayoijua, anaanza upya kipindi cha majaribio, na anapoteza miaka yake ya utumishi. Hapo ndipo penye uamuzi, na wakala hawezi kumwonea hilo kwa sababu hajui anapokaa wala anacholipwa kwa mkono.

Ninasisitiza hesabu hii ifanyike kwenye karatasi kabla ya neno lolote kuandikwa, maana inampa mtu kitu ambacho hasira haimpi: kiwango cha mwisho. Mhasibu wetu anakaa usiku huo na kalamu, anaamua kwamba chini ya 1,850,000 ghafi hahami. Kwa 1,850,000 mkononi atapata 1,337,500, nauli ikitoka anabaki na nyongeza ya 218,500. Namba hiyo hamwambii mtu. Ni ya kwake, ya kumlinda siku atakaposhawishiwa kwa simu.

Nani kaishusha namba, na kwa nini

Wakala si mlipaji. Ofisi nyingi za aina hii hulipwa na kampuni inayoajiri, mara nyingi kwa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa mtu aliyepatikana. Tazama maana yake. Mshahara wako ukishuka, malipo yake yanashuka kidogo. Ukikataa kazi, yeye anaweza kukosa yote na kuanza kutafuta mtu mwingine. Kwa hiyo si adui yako katika jambo la kiwango, lakini ana hamu kubwa ya kuona umekubali haraka, na hiyo ndiyo asili ya maneno kama "nithibitishie leo". Ukilijua hilo, huna sababu ya kumtukana. Unamhitaji, kwa sababu ndiye atakayebeba hoja yako hadi kwa mwenye fedha.

Sababu za namba kushuka si moja. Mara nyingine wakala alitaja kilele cha kiwango: kampuni ilisema kati ya 1,600,000 na 2,000,000 kulingana na uzoefu, yeye akakuambia cha juu ili uje. Mara nyingine alisema kabla idara ya fedha haijapitisha bajeti. Wapo pia, lazima niseme wazi, wanaotaja namba kubwa kwa makusudi wakijua kwamba mtu aliyekwisha kufanya usaili mara tatu huona uchungu kurudi nyuma.

Lakini kuna sababu moja ambayo hujificha na ambayo unaweza kuibaini mwenyewe. Kwenye hatua za mwisho kampuni nyingi huomba hati ya mshahara wa sasa. Mhasibu wetu aliituma. Hati ilionyesha 1,400,000. Ongeza asilimia 20 juu yake: 1,680,000. Izungushe, unapata 1,700,000. Namba mpya ikikaa karibu hivyo na mshahara wako wa sasa uliongezwa asilimia 15 au 20, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu wa rasilimali watu ameacha kuangalia kazi ina thamani gani na ameangalia wewe umezoea kulipwa nini. Bajeti haijabana. Wameona hati.

Hoja ya kujibu inabadilika kulingana na sababu. Kama ni bajeti ambayo haijapitishwa, kusubiri wiki moja kunaweza kusaidia. Kama ni kilele cha kiwango, unaonyesha uzoefu unaokuweka kwenye kilele. Kama ni hati ya mshahara, unarudisha mazungumzo kwenye kazi yenyewe: mshahara wa sasa ni wa kufunga hesabu za tawi moja, nafasi hii ni ya matawi mawili pamoja na ritani za VAT. Kwa hiyo swali la "nini kimebadilika?" lazima liwemo kwenye jibu, na liulizwe kwa adabu.

Jibu lenyewe

Usijibu ndani ya daladala. Jioni hiyo inatosha kuandika: "Asante kaka, nimepata ujumbe. Nitakujibu kesho asubuhi." Wakala anayedai kwamba barua itapotea kwa sababu ya usiku mmoja anakupa habari muhimu kuhusu kampuni hiyo au kuhusu yeye mwenyewe.

Asubuhi, andika. Unaweza kupiga simu pia, na kwa wengine sauti hulainisha mambo, lakini maandishi ndiyo yanayopelekwa kwa mteja kama yalivyo. Maneno ya simu wakala atayasimulia kwa namna yake. Barua pepe ni bora, WhatsApp inafaa kama ndiko mnakozungumzia. Mhasibu wetu anaandika hivi:

"Kaka, habari za asubuhi. Asante kwa taarifa, nimefurahi kwamba kampuni imenikubali, na kazi hii naitaka.

Tulipozungumza kwa simu Jumatatu tarehe 4, uliniambia mshahara ni shilingi 2,000,000 ghafi kwa mwezi, na kwa kiwango hicho niliendelea na usaili. Ujumbe wa jana unasema 1,700,000. Naomba kufahamu ni nini kimebadilika tangu siku ile, na kama juu ya 1,700,000 kuna posho au bima ya afya.

Kwa majukumu niliyoelezwa kwenye usaili, yaani kufunga hesabu za mwezi za matawi mawili na kuandaa ritani za VAT, naona 2,000,000 ndicho kiwango kinachostahili. Nikipata barua yenye kiwango hicho, nitaisaini wiki hii na kutoa notisi yangu ya siku 28 siku hiyohiyo.

Naomba uwafikishie hili. Leo kuanzia saa kumi napatikana kwa simu."

Ni jibu fupi, na kila kipande kina kazi. Linaanza kwa kusema kazi inatakiwa, kwa sababu wakala anayedhani unakimbia atahama kimyakimya kwenda kwa mtu wa pili kwenye orodha. Linataja tarehe na namba bila neno la lawama. Haliandiki "ulinidanganya", maana neno hilo likishaandikwa wakala atatumia nguvu zake kujitetea badala ya kukutetea. Kuweka tu namba mbili pamoja na tarehe zake kunatosha, kila atakayesoma ataona.

Kisha linataja namba moja. Ukiandika "kati ya 1,800,000 na 2,000,000", msomaji anaona 1,800,000 tu. Sababu inayotolewa nayo ni ya kazi. Ada za watoto, kodi ya nyumba iliyopanda na mama anayeumwa kijijini ni mizigo ya kweli, na inauma kuiacha nje ya barua, lakini mwajiri haitumii kupanga mshahara. Atakachokijadili ni matawi mawili na ritani.

Sentensi ya mwisho yenye uzito ni ile ya kusaini wiki hii. Hiyo ni zawadi unayompa wakala aipeleke: "Mkimpa milioni mbili, mmempata leo." Kwake yeye ni rahisi sana kuombea nyongeza akiwa na uhakika wa kufunga jambo kuliko akiwa na mtu anayesema "nitafikiria".

Kitu kimoja kisiwemo kamwe: kazi nyingine ya kubuni. "Kuna kampuni imeniahidi milioni mbili na nusu" ni maneno yanayotoka kirahisi, na jibu lake pia ni rahisi: "Hongera dada, kila la heri." Kama ipo kweli, itaje. Kama haipo, iache.

Wakirudi na namba ya katikati

Mara nyingi hawarudi na milioni mbili wala hawang'ang'ani na ile ya kwanza. Wakala anapiga simu: "Dada, nimepigana, wamefika 1,800,000, na baada ya miezi mitatu wataangalia upya."

Hapa wengi huyeyuka, kwa sababu sauti ni ya mtu aliyehangaika kwa ajili yao. Mhasibu wetu anafungua karatasi yake. Kiwango chake cha mwisho ni 1,850,000. Yuko chini kwa elfu hamsini, lakini kuna ahadi ya miezi mitatu. Ahadi hiyo ina thamani gani?

Kama imeandikwa "mshahara utaangaliwa upya kulingana na hali ya kampuni", haina thamani ya shilingi. Kampuni inaweza kuangalia, ikaona, ikaacha palepale, na imetimiza ahadi. Tena wakati huo ndipo mwajiriwa anapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, kwa kuwa ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumfikii aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Nani atagombania nyongeza akiwa hapo?

Iwe na thamani, lazima ibebe namba na tarehe: "Mwajiriwa akithibitishwa baada ya miezi mitatu ya majaribio, mshahara wake ghafi utakuwa shilingi 2,000,000 kuanzia mwezi unaofuata." Sentensi hiyo iwe ndani ya barua ya ajira, si kwenye ujumbe wa wakala. Mhasibu anamjibu: "Nashukuru sana kwa juhudi zako, kaka. Nakubali kuanza na 1,800,000 iwapo barua itaeleza kwamba nikithibitishwa mshahara utakuwa 2,000,000. Nimekuandikia sentensi yenyewe hapa chini." Kuandika sentensi mwenyewe kunawaokolea kazi, na kunaonyesha mara moja kama ahadi ilikuwa ya kweli. Kampuni iliyodhamiria huibandika kwenye barua bila shida. Isiyodhamiria huanza kueleza kwa nini sera zao haziruhusu.

Kuna mambo mengine yanayoweza kuziba pengo bila kugusa mshahara: bima ya afya inayobeba na familia, usafiri wa ofisi ambao ungemfutia ile 65,000 ya nauli, au kuthibitishwa baada ya mwezi mmoja. Posho ya fedha taslimu nayo inafaa, ila ikumbukwe kwamba kwa mwajiriwa wa sekta binafsi nayo kwa kawaida hutozwa kodi pamoja na mshahara.

Na kama hawasogei? Karatasi imeshaamua. "Kaka, asante kwa kunihangaikia. Kwa 1,700,000 sitaweza kuhama. Wakifikia 1,850,000 au ikitokea nafasi nyingine ya kiwango hicho, nitafurahi kusikia kutoka kwako." Hapo ndipo ile namba ya siri inapotajwa kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa haina cha kuharibu. Usishangae simu ikarudi baada ya wiki. Usishangae pia isiporudi.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi

Kosa linalogharimu kuliko yote hapa si kukubali namba ndogo. Ni kutoa notisi kwa mwajiri wa sasa kwa kutegemea ahadi ya simu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28, na mkataba unaweza kutaka ndefu zaidi. Ukishaitoa, kila siku inayopita wewe unahitaji kazi mpya zaidi kuliko yenyewe inavyokuhitaji wewe, na mtu akishusha namba katikati ya siku hizo huna pa kusimama. Barua yenye namba iliyokubaliwa, imesainiwa na kampuni na wewe, ndiyo itangulie. Notisi ifuate.

Barua hiyo ikishasainiwa, jambo linabadilika sura. Ahadi ya wakala kwenye simu ni vigumu kuidai, maana wakala kwa kawaida hana mamlaka ya kuifunga kampuni. Barua iliyosainiwa ni makubaliano. Sheria ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi maelezo ya kazi yake, ikiwemo malipo na namna yanavyokokotolewa, na yakibadilika ayabadili kwa kushauriana naye. Kesi ikifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kutoa maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa juu yake. Mwezi wa kwanza ukipokea pungufu ya kilichoandikwa, andika barua ya kuuliza mara moja. Usipojibiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiko pa kwenda, na kwa mgogoro usio wa kuachishwa kazi muda wa kuufikisha ni siku 60.

Wale wanaotafutiwa kazi za ndani Uarabuni wanakutana na mchezo huuhuu katika hali ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi namba hushushwa wakiwa wamekwisha fika, pasipoti iko kwa mwajiri na mkataba mpya umewekwa mbele yao kwa lugha wasiyoisoma. Kwao muda wa kujibu ni kabla ya ndege. Mkataba wenye kiasi cha mshahara ubaki nakala nyumbani kwa mtu mwenye akili timamu, na namba ikibadilika ungali Dar, Unguja, Tanga au Mombasa, usipande.

Na kwa simu ya kwanza kabisa ya wakala, ile ya furaha, kuna ujumbe mmoja wa kutuma baada ya kukata: "Asante kwa simu kaka. Nimeelewa nafasi ni ya mhasibu, mshahara 2,000,000 ghafi kwa mwezi bila posho. Nirekebishe kama nimekosea." Akinyamaza, una maandishi yenye tarehe. Akirekebisha, umeijua namba ya kweli kabla hujaomba ruhusa kazini hata mara moja.

Neno langu la mwisho ni kwa upande wa pili. Ninyi waajiri na mawakala mnaosoma hapa, kiwango mnakijua kabla hamjampigia mtu simu. Kitajeni kama kilivyo, cha chini na cha juu, na mseme ni ghafi au ni mkononi. Mtu anayeacha kazi yake kuja kwenu anahatarisha chakula cha nyumba nzima.